Kusawazisha Alama za Kazi Mradi za Shule Kadhaa kwa Kutumia Sampuli: Mwongozo kwa Walimu wa Jiografia

Shule nne zinapowapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi mradi moja ya Jiografia, na kila shule ikasahihisha ripoti za wanafunzi wake yenyewe, hakuna hakika kwamba alama 40 ya shule moja ina uzito sawa na alama 40 ya shule nyingine, hata kama walimu wote walitumia mwongozo mmoja wa usahihishaji. Usawazishaji ni kazi ya kuchukua ripoti chache kutoka kila shule, kuzisahihisha upya kwa jicho moja, kupima tofauti iliyopo, na kuamua kama alama za shule nzima zibaki zilivyo, zirekebishwe kwa kanuni, au zisahihishwe upya. Mwongozo huu unafuata kazi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, na unakaa zaidi kwenye uamuzi wa urekebishaji, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi huumizwa bila mtu yeyote kukusudia.

Tuchukue mfano wa shule nne za mkoa wa Mwanza ambazo tutaziita A, B, C na D. Shule A iko Nyamagana, B iko Ilemela, C iko kisiwani Ukerewe, na D iko upande wa Kisesa, wilaya ya Magu. Wanafunzi wa shule zote walikwenda kwenye mialo iliyo karibu nao wakalinganisha dagaa wanaoanikwa mchangani na wale wanaoanikwa juu ya chanja: muda wa kukauka, kiasi cha mchanga na taka kinachobaki, na bei ambayo wachuuzi wanatoa. Kila mwanafunzi aliandika ripoti yake yenye jumla ya alama 50, zilizogawanywa hivi: swali la utafiti na mbinu alama 8, ukusanyaji wa data alama 12, ramani na grafu alama 10, uchambuzi alama 14, na hitimisho alama 6.

Kazi yote inayoelezwa hapa hufanyika kabla mwalimu wa taaluma hajawasilisha alama kunakohusika. Zikishawasilishwa, kikundi cha shule hakina tena mamlaka ya kuzigusa, na kanuni za Baraza la Mitihani ndizo zinazotawala.

Hatua ya kwanza: kukubaliana kabla ya kusahihisha

Watu wengi huanza usawazishaji alama zikiwa zimeshatolewa, kisha wakashangaa kuona tofauti kubwa. Ni afadhali walimu wa shule zote wakutane mara moja kabla, wakiwa na ripoti nne tu: moja nzuri sana, moja dhaifu, na mbili za katikati. Ripoti hizi zinaweza kuwa za mwaka uliopita, na zisiingizwe kamwe katika sampuli ya mwaka huu.

Kila mwalimu azisome na kuzipa alama peke yake, kimya, akiandika alama ya kila kipengele kwenye karatasi yake. Baada ya wote kumaliza, alama zitangazwe kwa pamoja, ili mwalimu mgeni asimsubiri mkuu wa idara aseme ndipo naye afuate. Majadiliano yaende kipengele kwa kipengele, si kwa jumla, maana walimu wawili wanaweza kufika wote kwenye 31 ilhali mmoja ametoa 11 kwa uchambuzi na mwenzake ametoa 6 akafidia kwenye grafu. Wakishakubaliana, sababu iandikwe pembeni mwa alama kwa sentensi moja, kwa mfano: “Uchambuzi 7 kati ya 14, kwa sababu ametaja kuwa dagaa wa chanja wana bei ya juu lakini hajaoanisha bei hiyo na usafi alioupima.” Sentensi za namna hii hufanya kazi kubwa kuliko mwongozo wenyewe, ambao mara nyingi husema tu “uchambuzi wa kina” na kumwachia kila msomaji kina chake.

Katika kikao hichohicho ndipo hupatikana kiwango cha tofauti inayovumilika. Msikitoe hewani. Tazameni jinsi wasahihishaji wenye uzoefu walivyotofautiana juu ya ripoti zilezile nne baada ya majadiliano, wakizisoma upya. Ikiwa bado wanapishana alama 2 au 3, basi si haki kuidai shule iwe sahihi kuliko wao. Katika mfano wetu kiwango ni alama 3 kati ya 50: tofauti ya 3 au pungufu haitaguswa.

Hatua ya pili: kuchagua sampuli

Mratibu wa usawazishaji ndiye anayechagua ripoti, si shule. Shule ikiachiwa ichague, hata kwa nia njema, italeta ripoti ambazo mwalimu anazijua kuwa zimesahihishwa kwa uangalifu.

Shule itume kwanza orodha ya wanafunzi wote na alama zao, kuanzia ya juu hadi ya chini. Shule B ina wanafunzi 84, nasi tunataka ripoti 10. Wa kwanza na wa mwisho huchukuliwa moja kwa moja, kisha nafasi zilizobaki hugawanywa kwa usawa kati yao, na tunapata nafasi ya 1, 10, 19, 29, 38, 47, 56, 66, 75 na 84. Ulazima wa kuchukua ncha zote mbili utaonekana mbele, tutakapofika kwenye kanuni ya urekebishaji. Wanafunzi ambao hawakuwasilisha kazi yoyote watolewe kwenye orodha kabla ya kuhesabu. Shule yenye wanafunzi 10 au pungufu ilete ripoti zote.

Kuna swali moja ambalo lazima mratibu aliulize mapema: je, ripoti za shule hii zilisahihishwa na mwalimu mmoja au zaidi? Shule D ina mikondo miwili, na kila mkondo una mwalimu wake. Kwa shule kama hiyo chukua ripoti tano kutoka kila mkondo, zikitandazwa vilevile kutoka juu hadi chini, na uandike waziwazi ipi ni ya nani.

Ripoti zisafirishwe zikiwa na karatasi ya makabidhiano inayotaja namba ya kila ripoti. Zinazovuka ziwa kutoka Nansio zifungwe ndani ya nailoni, kwa sababu grafu iliyochorwa kwa wino ikilowa haisahihishiki tena.

Hatua ya tatu: kusahihisha upya bila kuona alama ya shule

Msawazishaji asijue shule ilitoa alama gani. Mwalimu anayeona 44 imeandikwa juu ya ripoti hujikuta anatafuta sababu za 44, na hata akiwa mkali atashuka hadi 41 au 42, si hadi 36 ambayo angeitoa kama asingeona kitu. Kwa hiyo shule ziandike alama kwenye karatasi ya pembeni tangu mwanzo. Kama ziliandikwa kwenye ripoti, mratibu azifunike kwa karatasi na gundi nyepesi. Majina ya wanafunzi na ya shule yafunikwe pia, na ripoti za shule zote nne zichanganywe kabla ya kugawiwa, ili msawazishaji asisome kumi za shule moja mfululizo na kuzoea kiwango chake.

Maelezo ambayo mwalimu wa shule aliyaandika pembeni yana faida, lakini wakati wake ni baadaye. Kusahihisha kwa siri kunaonyesha ukubwa wa tofauti, na maelezo ya mwalimu yakifunuliwa baadaye yanaonyesha chanzo chake.

Hatua ya nne: kusoma tofauti, si wastani peke yake

Kwa kila ripoti, toa alama ya shule kwenye alama ya msawazishaji. Jibu likiwa hasi, shule ilikuwa karimu; likiwa chanya, shule ilikuwa kali. Haya ndiyo matokeo ya Shule B:

| Nafasi | Alama ya shule | Alama ya msawazishaji | Tofauti |
|---|---|---|---|
| 1 | 47 | 39 | −8 |
| 10 | 45 | 38 | −7 |
| 19 | 42 | 36 | −6 |
| 29 | 39 | 34 | −5 |
| 38 | 36 | 32 | −4 |
| 47 | 33 | 30 | −3 |
| 56 | 29 | 26 | −3 |
| 66 | 25 | 24 | −1 |
| 75 | 20 | 20 | 0 |
| 84 | 14 | 15 | +1 |

Wastani wa shule ni 33.0, na wa msawazishaji ni 29.4. Tofauti ya wastani ni −3.6, imezidi kiwango cha 3, na hapa ndipo kosa linalotendeka mara nyingi kuliko yote hutokea: mratibu anaamuru kila mwanafunzi wa Shule B apunguzwe alama 4. Fuata kinachotokea. Mwanafunzi wa kwanza anashuka kutoka 47 hadi 43, bado akiwa alama 4 juu ya anachostahili. Mwanafunzi wa mwisho, ambaye mwalimu wake tayari alimnyima alama moja, anashuka kutoka 14 hadi 10, ilhali msawazishaji alimpa 15. Urekebishaji uliokusudiwa kuleta haki umemwacha aliyependelewa na upendeleo wake, na umemwadhibu ambaye hakupendelewa.

Jedwali lenyewe lilikuwa limeshasema ukweli kabla ya wastani kuhesabiwa. Tofauti zinakua kadiri alama zinavyopanda. Mwalimu wa Shule B si mkarimu kwa wote; ni mkarimu kwa kazi nzuri. Alipofunuliwa maelezo yake, msawazishaji aliona chanzo: kila ripoti iliyoandikwa kwa mpangilio mzuri na mwandiko safi ilipewa 12 au 13 za uchambuzi, hata pale ambapo mwanafunzi alirudia tu takwimu za jedwali lake kwa maneno. Ripoti dhaifu hazikuwa na uchambuzi wowote wa kuzawadiwa, ndiyo maana hazikuguswa na ukarimu huo.

Sasa linganisha na Shule D. Tofauti za mkondo wa kwanza ni 0, −1, +1, 0 na −1. Za mkondo wa pili ni −7, −6, −8, −6 na −7. Wastani wa zote kumi ni −3.5, karibu sawa kabisa na wa Shule B, lakini tatizo ni jingine. Mwalimu wa mkondo wa kwanza hana kasoro yoyote, na wanafunzi wake hawapaswi kupoteza hata alama moja kwa ajili ya mwenzake. Kama sampuli isingegawanywa kwa mikondo, tofauti hizi zingeonekana kama vurugu isiyo na maana.

Shule C, ile ya kisiwani, ilikuwa kali: msawazishaji alitoa alama 4 hadi 6 zaidi katika ripoti zote. Kipengele kilichoshuka kilikuwa kimoja tu, ukusanyaji wa data. Wanafunzi walikwenda mwaloni katika wiki ya mbalamwezi, na dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, kwa hiyo waliokuwa wakianikwa siku hizo walikuwa wachache na vipimo vikawa vichache vilevile. Mwalimu alihesabu vipimo akawakata alama. Lakini mwongozo ulidai mbinu sahihi na kumbukumbu makini, na wanafunzi walikuwa wameandika wazi kwa nini dagaa walikuwa wachache, jambo ambalo kwa mtazamo wangu linastahili alama, si kunyimwa. Tofauti kama hii haigunduliki kwa hesabu peke yake. Ni lazima kusoma kipengele kwa kipengele.

Shule A ilipishana na msawazishaji kwa alama 2 tu, juu na chini. Alama zake zinabaki kama zilivyo, zote, pamoja na zile za wanafunzi walioingia kwenye sampuli.

Hatua ya tano: kurekebisha

Kanuni ya kwanza ni kwamba urekebishaji unawahusu wanafunzi wote wa shule au wa mkondo, si wale kumi waliosomwa tena. Msawazishaji akiandika alama zake kwa hao kumi na kuwaacha wengine 74 na alama za shule, ameunda viwango viwili ndani ya darasa moja. Alama za msawazishaji ni kipimo cha kumpima msahihishaji wa shule. Baada ya kipimo kutumika huwekwa kando, na hata wale kumi hupewa alama inayotokana na kanuni.

Kwa Shule C tofauti ni ya namna moja kutoka juu hadi chini, na chanzo chake kinajulikana. Kuongeza alama 5 kwa wote kungetosha, ila kwa kuwa kosa liko kwenye kipengele kimoja, ni bora mwalimu asahihishe upya kipengele hicho tu kwa ripoti zote, na mratibu akague chache baadaye. Kwa mkondo wa pili wa Shule D, ripoti tano ni ushahidi mdogo mno wa kuwaondolea wanafunzi alama 7. Ziombwe nyingine tano. Zikionyesha hali ileile, kila mwanafunzi wa mkondo huo apunguzwe 7, na ripoti za wale wenye alama za chini kabisa zisomwe moja moja ili asiwepo anayeshushwa chini ya kazi yake halisi.

Shule B inahitaji kanuni inayopunguza zaidi juu na kidogo chini. Kanuni hiyo ni mstari ulionyooka unaopita karibu na alama zote kumi, nao hupatikana kirahisi kwenye jedwali la kompyuta. Weka alama za shule kwenye safu B na za msawazishaji kwenye safu C, mstari wa 2 hadi wa 11, kisha andika kwenye seli mbili tofauti:

```
=SLOPE(C2:C11,B2:B11)
=INTERCEPT(C2:C11,B2:B11)
```

Kwa data yetu fomula ya kwanza inatoa takriban 0.73 na ya pili takriban 5.3. Alama mpya ya kila mwanafunzi ni alama ya shule mara 0.73, kuongeza 5.3, ikikaribishwa kwenye namba kamili:

```
=ROUND(0.73*B2+5.3,0)
```

Hakiki kanuni kwa kuirudisha kwenye sampuli yenyewe kabla ya kuitumia kwa darasa zima. Alama 47 inakuwa 40, wakati msawazishaji alitoa 39. Alama 45 inakuwa 38, sawasawa na yake. Alama 36 inakuwa 32, alama 20 inabaki 20, na alama 14 inakuwa 16, moja tu zaidi ya msawazishaji. Hakuna ripoti hata moja kati ya kumi inayopishana kwa zaidi ya alama 1, na hiyo ndiyo dalili kwamba mwalimu wa Shule B alikuwa na mwenendo thabiti, ingawa kiwango chake hakikuwa sahihi.

Kanuni hii ina mipaka ambayo mratibu lazima aijue. Inaaminika kati ya 14 na 47 tu, yaani kati ya alama ya chini na ya juu zilizomo kwenye sampuli. Kama ncha zisingechukuliwa, na mwanafunzi mmoja ana 50, kanuni ingempa 42 bila mtu yeyote kuisoma kazi yake. Ukilazimika kuvuka mpaka huo, soma ripoti yenyewe. Vilevile kanuni ingempa alama 5 mwanafunzi asiyewasilisha chochote, ndiyo maana hao waliondolewa tangu mwanzo na wanabaki na sifuri. Jambo la tatu ni kwamba alama zinasogeleana: aliyekuwa na 44 na aliyekuwa na 43 wote wanapata 37. Hilo si kosa. Kosa lingekuwa kumpeleka wa 43 mbele ya wa 44, na kanuni ya mstari wenye mwinuko chanya haiwezi kufanya hivyo. Mpangilio wa wanafunzi ndani ya shule ni kazi ya mwalimu anayewafahamu, na usawazishaji unauheshimu.

Pale ambapo kanuni haifai

Kuna shule ambayo tofauti zake zitakuwa −9, +5, 0, −2, +7, bila mwelekeo wowote. Wastani wake unaweza hata kuwa karibu na sifuri, na mratibu anayetazama wastani peke yake ataipitisha. Dalili ya hakika ni kuwapanga wanafunzi wa sampuli kwa alama za shule, kisha kwa alama za msawazishaji: ikiwa wa tatu anakuwa wa nane na wa tisa anakuwa wa pili, tatizo si ukarimu wala ukali, bali hakukuwa na kiwango kimoja. Hakuna hesabu inayoweza kulirekebisha. Kabla ya kuamua, msawazishaji wa pili asome ripoti zilezile naye bila kuona alama yoyote, maana huenda aliyeyumba ni msawazishaji mwenyewe. Akikubaliana na wa kwanza, ripoti zote za shule zisahihishwe upya na mwalimu mwingine, na hilo lipangiwe muda tangu ratiba inapotengenezwa.

Jambo jingine lisilorekebishwa kwa kanuni ni ripoti mbili zenye vipimo vinavyofanana hadi desimali ya mwisho. Kama wanafunzi walipima kwa kikundi, vipimo kufanana ni halali. Aya za uchambuzi kufanana neno kwa neno si halali, na suala hilo lirudishwe kwa mkuu wa shule likiwa peke yake, lisiingizwe kwenye hesabu za usawazishaji.

Hatua ya sita: taarifa na rufaa

Kila shule ipokee ukurasa mmoja wenye jedwali la sampuli yake, uamuzi, kanuni iliyotumika kama ipo, na chanzo cha tofauti kikitajwa kwa kipengele. Kumwandikia mwalimu wa Shule B kwamba “alama zimekuwa za juu” hakumsaidii kitu. Aandikiwe kwamba alitoa alama za uchambuzi kwa kurudiwa kwa takwimu, na aambatishiwe ripoti moja yenye maelezo ya pande zote mbili.

Shule isiyoridhika ipewe muda uliotajwa, kwa mfano siku saba, wa kukata rufaa. Rufaa ni kusomwa tena kwa sampuli ileile na msawazishaji mwingine asiyejua alama za kwanza. Shule isiruhusiwe kuleta ripoti nyingine ilizozichagua, kwa sababu hapo tutakuwa tumerudi kwenye uchaguzi wa shule tulioukataa katika hatua ya pili. Msawazishaji wa pili akiwa ndani ya alama 3 za yule wa kwanza kwa wastani, na mwelekeo wa tofauti ukiwa uleule, uamuzi unabaki. Wakipishana zaidi, wawili hao wakae pamoja na ripoti mbele yao, wakubaliane kipengele kwa kipengele, na kanuni ihesabiwe upya kwa alama walizokubaliana.

Mratibu ahifadhi orodha za mwanzo za shule, alama za wasawazishaji, hesabu zote, na alama za mwisho, zikiwa na tarehe na saini. Ripoti mbili au tatu kutoka sampuli, zilizoondolewa majina na kuambatishiwa sentensi za sababu, ziwekwe kwa ajili ya kikao cha makubaliano cha mwaka unaofuata, na mojawapo iwe ile ya kisiwani yenye vipimo vichache vya wiki ya mbalamwezi.